Yule mtoto "aliyepatikana" Likoni amegeuka nyumba ya kukodi Nyali. Someni kabla hamjasheya tena

MkaziWaMtongwe

Salaam aleikum, hamjambo wote. Najua wengi wenu mliiona ile posti ya Ijumaa, mtoto mdogo wa kama miaka miwili, shati la samawati, amekaa kwa benchi ya mbao na nyuma yake yaonekana maji na feri. Maneno yalisema amepatikana usiku akitembea peke yake nyuma ya nyumba za watu hapa Likoni, ameokolewa na deputi, majirani hawamjui, sheyeni mpaka mamake aione. Ilienda Likoni, Ukunda, Kisauni, mpaka kwa grupu la wazazi wa madrasa wanaposoma wanangu. Mara ya mwisho kuiangalia ilikuwa ishapita sheya elfu mbili.

Leo jioni naingia kwa ukurasa wa shangazi yangu nakuta ati amesheya nyumba ya vyumba viwili Nyali, dirisha laangalia bahari, elfu kumi na mbili kwa mwezi, bofya linki ujaze jina na namba ya kitambulisho kisha ulipe dipoziti ya kushikilia maana wanaoitaka ni wengi. Nikampigia kumuuliza hiyo nyumba ni ya nani, shangazi akaniapia hajasheya nyumba yoyote maishani mwake, alichosheya ni yule mtoto tu.

Basi nikaenda kwa posti yenyewe, nikabonyeza zile nukta tatu juu upande wa kulia, nikachagua `View edit history`. Yote yako pale. Ijumaa saa mbili usiku ni mtoto, Jumapili saa kumi ni nyumba. Ni posti ile ile, sheya zile zile, maneno ndo yamebadilishwa. Kwa sababu ukisheya posti ya Facebook hukuchukua nakala yake, umewaelekeza watu kwa ile ya kwanza, mwenyewe akiigeuza kwake yageuka na kwako. Kwa hivyo sasa hivi watu zaidi ya elfu mbili wa pwani hii wanatangaza nyumba ya mwizi kwa majina yao wenyewe na hawana habari.

Na mtu akiona tangazo hilo limesheyiwa na shangazi yangu, mama wa watu anayejulikana mtaa mzima, atasema hii nyumba ni ya kweli. Hapo ndo pamenichoma.

MamaSwabra

Jamani na huyo mtoto sasa yuko wapi? Mwenye namba ya walio naye aniwekee hapa, nna ndugu yangu ofisi ya watoto anaweza kumsaidia usiku huu huu. Msikae mkaongea mambo ya nyumba na mtoto yuko nje.

MkaziWaMtongwe

Mama Swabra, Allah akulipe kwa moyo wako, lakini mtoto hayupo. Hakuna mtoto aliyepatikana. Picha ilitengenezwa ili sisi tusheye.

KijanaWaBuxton

Bro hapo nakupinga kidogo. Mimi nliipitisha hiyo picha kwa Google Lens Ijumaa ile ile, haikuleta kitu, yaani haiko popote kwa intaneti. Picha za wizi huwa zapatikana, utaona ni mtoto wa Brazil wa mwaka 2019 huko. Hii haikupatikana so ni mtoto wa kweli, nadhani akaunti ya aliyeposti ndo imedukuliwa wakaweka nyumba.

FundiSimu_MwembeTayari

Kijana wa Buxton, nusu uko sawa na nusu ndo yatakupeleka pabaya. Hiyo Lens, na TinEye pia, zatafuta picha ambayo ishawahi kuwekwa mahali. Picha ya kuazima kwa mtu mwingine zitaikamata, na hata hapo si kila saa, maana wezi wamejua kuigeuza kushoto kulia au kuikata pembeni. Lakini picha iliyotengenezwa jana na programu haina ya kwanza, imezaliwa pale pale, utaitafuta wapi? Kwa hivyo ikikosekana usiseme ni ya kweli, sema tu haijaibwa mahali panapojulikana. Ile Lens ikileta jibu una ushahidi, isipoleta huna kitu.

Sasa nikwambieni nilichokiona mimi, maana mteja aliniletea simu hapa dukani akitaka nimuonyeshe jinsi ya kuituma kwa WhatsApp. Nikaikuza. Ile feri nyuma ya mtoto ina pua iliyochongoka kama meli ya kwenda ng'ambo. Nani hapa hajapanda feri ya Likoni? MV Jambo, MV Safari, MV Kwale, MV Likoni, zote bapa, zina mlango wa kushusha magari mbele na nyuma, hazigeuki, zaenda na kurudi vile vile. Hakuna feri yenye pua pale. Na ubavuni kulikuwa na herufi nyeupe, ukiziangalia kwa mbali ni jina, ukikuza ni vijistari tu havisomeki. Programu imeambiwa weka mtoto, weka feri, Mombasa, nayo haijawahi kusimama pale kivukoni.

Ila msije mkafanya hiyo ndo kipimo. Zamani tulikuwa twahesabu vidole, mara sita mara saba, siku hizi vidole viko vitano na vimekaa vizuri. Mwaka ujao na feri itakaa sawa. Mimi naikagua picha mwisho kabisa, kwanza naangalia posti inafanya nini. Na ile posti komenti zilikuwa zimefungwa tangu mwanzo. Wewe umeokota mtoto wa watu, wamtafuta mamake, halafu wafunga mahali ambapo mamake angeandika "huyo ni wangu"?

KijanaWaBuxton

Aisee hiyo ya komenti sikuifikiria. Nliona zimefungwa nkadhani wamechoka na matusi ya watu.

FundiSimu_MwembeTayari

Wapo wanaofunga kwa sababu hiyo, familia ya kweli yaweza kutukanwa ikafunga. Lakini familia ya kweli itaacha namba ya simu. Ile haikuwa na namba hata moja. Haina jina la kituo cha polisi, haina jina la mtaa, "hapa Likoni" tu. Likoni ni kubwa, Shelly, Mtongwe, Ujamaa, Timbwani, wapi?

Nikachukua sentensi moja, "ameokolewa na deputi lakini hatujui anakoishi", nikaiweka kwa sehemu ya kutafutia ya Facebook. Yaja miji mingine kibao, ya Kenya na ya mbali, Kiswahili na Kiingereza, mtoto mwingine lakini maneno yale yale, jina la mji ndo labadilishwa. Hayo maneno yameandikiwa Marekani, huko deputi ni askari wa kaunti. Hapa polisi wetu tangu lini ana deputi wa kuokota watoto usiku?

AskariMstaafu_Changamwe

Nimesoma yote na niongeze la kikazi, maana hiki kitu watu hawakijui. Mtoto akiokotwa hapa kwetu hakai na mtu aliyeposti Facebook. Apelekwa kituo cha polisi kilicho karibu, kuna dawati la watoto, yaandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, ofisa wa watoto wa eneo ajulishwa, na asipopatikana mwenyewe atafutiwa mahali salama pa kulala. Kwa hivyo posti ya mtoto aliyepatikana lazima iweze kujibu swali moja: sasa hivi huyo mtoto yuko chini ya kituo gani na OB ni namba ngapi.

Namba ya OB ina umbo lake. Kwanza ni taarifa ya ngapi siku hiyo, kisha tarehe. Ukiona 31/9/3/2025 ni taarifa ya thelathini na moja ya tarehe 9 mwezi wa tatu mwaka 2025. Mtu akikuandikia "OB 774521" hajawahi kuiona OB. Lakini hata ikiwa na umbo zuri mwizi aweza kuibuni, kwa hivyo kituo ukipigie au mtu aliye karibu apite aulize, na usitumie namba ya simu iliyoandikwa kwa posti hiyo hiyo maana itapokewa na mwenzake akwambie "ndio hapa ni kituoni".

Namba nyingine za kuweka kwa simu: 116 ya watoto, ni bure. Na shirika la Missing Child Kenya wana namba ya bure 0800 22 33 44, wao hutengeneza bango la mtoto aliyepotea, na mtoto akipatikana hutangaza kwamba amepatikana. Bango lisilofungwa miaka mitatu lazungukazunguka tu, hilo nalo ndo waizi huliokota.

MamaSwabra

Nimeelewa sasa. Lakini bwana askari, mimi nilikuwa najua mtu akipotea hungojea saa ishirini na nne ndo polisi waandike. Sasa mzazi atapata wapi hiyo OB usiku wa kwanza?

AskariMstaafu_Changamwe

Mama, hilo la saa ishirini na nne halimo kwa sheria yoyote. Mtoto akipotea saa moja, enda saa moja hiyo hiyo, waambie waandike. Ukipata anayekwambia ngoja kesho, mtake mkubwa wa kituo.

MamaSwabra

Kusema ni rahisi. Jirani yangu aliambiwa arudi asubuhi, kituo sikitaji, na mkubwa hakuwepo. Mtoto alipatikana kwa sababu ya grupu la WhatsApp la mtaa, si kwa OB. Kama mngekataa kusheya kwa sababu hana OB angelala nje.

MkaziWaMtongwe

Hilo la mama Swabra ni la kweli na sina jibu lake kamili. Mimi nilikuwa naja na rai ya kwamba magrupu yote ya hapa yakatae posti isiyo na OB. Sasa naona mzazi aliye mbio usiku tutamfungia mlango.

Admini_WaKisauni

Nami nilikuwa nangojea mlifikie hili maana magrupu ndo yetu na lawama ndo zetu. Tulijaribu kudai OB. Wiki ile ile baba mmoja alileta posti ya binti yake, hana OB, nikamzuia, akanipigia analia, nikaiachilia, na binti akapatikana kwa nyanyake Mtwapa. Tangu hapo sidai OB ili kuposti, nadai kitu kingine. Aliyeposti apokee simu yangu, anipigie kwa video, tuongee dakika mbili, na awe amekaa kwa grupu kabla ya siku hiyo. Yule wa mtoto wa Likoni nilipomuangalia, ameingia grupuni Ijumaa saa kumi na mbili jioni, ameposti saa mbili. Akaunti ina picha ya maua, jina la kike la kwetu, marafiki hakuna hata mmoja wa Mombasa.

Kitu cha pili nilichofanya ni kwamba posti ikishapita kwangu haiwezi kubadilishwa maneno bila kurudi kwangu tena. Mipangilio ya grupu ina mahali pa kuwasha idhini ya mabadiliko, maadmini wengi hawajui kama ipo. Wao huipitisha posti ya mtoto, wamemaliza, hawaiangalii tena, na mwizi anajua hivyo. Ndo maana angoja siku mbili tatu. Ukiigeuza siku ile ile watu wangali wanaiangalia, ukingoja mpaka imelala, sheya zimebaki na macho yameondoka.

FundiSimu_MwembeTayari

Admini ameligusa lenyewe. Na ndo maana picha yawa mtoto au mbwa aliyegongwa na gari au mzee, haiwi kitu kingine. Yatakiwa kitu ambacho mtu akipita bila kusheya atajihisi amekosa. Kisha nyumba ya bei ya chini, au fomu ya kushinda vocha. Ile fomu yachukua jina, namba ya simu na kitambulisho, hata usipolipa dipoziti ushawaachia vitu hivyo.

BiMkubwa_MjiWaKale

Watoto wangu mimi yangu ni ya paka lakini yaingia hapa hapa. Nina paka wangu Zabibu, wa kijivu, mguu wa mbele kushoto mweupe. Alitoka kwa paa wakati wa mvua hakurudi. Mjukuu wangu akaniwekea tangazo, picha na namba yangu, tutampa zawadi atakayemleta. Haikufika adhuhuri ya siku ya pili nikatumiwa ujumbe, paka wako amegongwa na tuktuk karibu na Makadara, tumempeleka kwa daktari wa wanyama, yuko kwa meza, yatakiwa elfu nne na mia tano kabla hawajaanza operesheni. Na picha. Paka wa kijivu amelazwa kwa kitambaa cha kijani, bandeji tumboni, mrija puani, mguu wa kushoto mweupe. Nilitetemeka jamani, mikono ilikuwa yaniwasha kutuma.

Lakini Zabibu ana mkia uliovunjika ncha alipokuwa mdogo, umepinda kama ndoana. Kwa picha tuliyoitangaza amekalia mkia hauonekani. Kwa hiyo picha yao mkia umenyooka sawasawa, mrefu mzuri. Nikamuuliza huyo kijana, nieleze mkia wake ukoje. Akajibu "mkia ni wa kijivu mama tuma haraka anateseka". Nikamwambia nipe daktari nizungumze naye, akasema daktari yuko kazini na simu hairuhusiwi. Nikasema nakuja mwenyewe, ni wapi. Hapo akanyamaza, na namba yangu akaifunga.

KijanaWaBuxton

Pole sana bimkubwa. Na Zabibu alirudi?

BiMkubwa_MjiWaKale

Bado mwanangu. Mkia wake nyote mshaujua sasa, kwa hivyo hilo halinifai tena kama alama, lakini nina jingine sijalisema na sitolisema.

FundiSimu_MwembeTayari

Bimkubwa umefanya jambo ambalo nataka kila mwenye kuposti alisikie. Alama moja ibaki kwako. Watu waweka kila kitu kwa tangazo, kovu, jino, rangi ya kandambili, kila kitu, halafu mwizi aisoma na kuirudisha kwako kama ushahidi. Ile picha ya bandeji imetengenezwa kutoka kwa picha yako wewe mwenyewe, waichukua, waiambia programu mlaze huyu paka kwa meza ya daktari. Mguu mweupe umefuata kwa sababu ulionekana. Mkia haukuonekana ikabidi wajibunie. Na kwa binadamu ni vile vile, mtu aliyepotea mama yake atumiwa picha ya mwanawe kwa kitanda cha hospitali, mamake anajua mwanangu ana alama gani nyuma ya sikio, aulize hiyo.

Picha ya pili mara nyingine husaidia, mwambie ampige sasa hivi kutoka upande wa pili. Zamani walikuwa hawawezi, sasa waweza, lakini chukua muda wao, wakiona umekuwa mgumu waenda kwa mwengine.

KijanaWaBuxton

Na hata ukituma M-Pesa si mwisho wa dunia, wafowadi ile meseji kwa 456 waireverse. Nishawahi kurudishiwa nlipokosea namba.

AskariMstaafu_Changamwe

456 ni kweli ipo kijana, lakini wewe ulikosea namba ukampata mtu muungwana ambaye pesa ilikuwa bado kwa simu yake. Mwizi hazilazi. Ikiingia ashaitoa kwa wakala au ashaituma mbele, na reverse haina pesa ya kurudisha. Tuma hiyo 456 haraka, dakika hiyo hiyo, lakini usiitumainie. Namba yenyewe ifowadi kwa 333, hiyo ni ya kuripoti utapeli. Kisha enda kituoni na ile meseji ya M-Pesa ina kodi yake, usiifute, na skrinshoti za mazungumzo na ile historia ya posti aliyoisema Mkazi. Posti ikishafutwa hamna kitu, kwa hivyo piga skrinshoti kabla hujaripoti kwa mtandao, si baada.

Na jina linalokuja kabla pesa haijaenda, lisome. Amejiita daktari fulani na jina laja la mtu mwengine kabisa, simama hapo. Likifanana pia usitulie, laini nyingi za wizi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua.

JiraniWaMikindani

Naomba niseme la upande mwengine kwa sababu naona hapa kila mtu keshakuwa mpelelezi. Mzee wetu mmoja mtaani, anasahau, alitoka alfajiri kwenda kuswali hakurudi. Picha ya pekee aliyokuwa nayo bintiye ilikuwa imepigwa kwa harusi, ndogo, ina ukungu, akaipitisha kwa programu ya simu ya kusafisha picha. Ikatoka uso laini kama wa mdoli, na zile nyuzi za kofia yake zikawa michoro isiyoeleweka. Akaiweka kwa grupu moja kubwa. Komenti za kwanza: "hii ni ya kutengenezwa", "msisheye", "wezi hawa". Mtu akaandika kwa herufi kubwa FEKI juu ya picha ya mzee wa watu na hiyo ndo ikasheyiwa zaidi. Yule binti alikuwa anazisoma huku anazunguka hospitali moja baada ya nyingine.

Alipatikana Miritini siku ya pili, hai alhamdulillah, mwenye kibanda alimpa maji. Mwenye kibanda alisema aliiona ile picha na akaambiwa ni feki, kwa hivyo hakupiga simu mapema.

Sasa fundi, kwa hizo alama zako za herufi hazisomeki na uso laini, mzee wetu angefeli.

FundiSimu_MwembeTayari

Angefeli, ndugu yangu, na ndo maana nikasema picha naiangalia mwisho. Pole sana kwa familia. Simu nyingi za sasa zenyewe zalainisha uso bila kuulizwa, na picha ikitumwa-tumwa kwa WhatsApp yabanwa mpaka herufi za sare za shule zavurugika zenyewe. Kwa hivyo picha mbovu si ushahidi wa wizi. Wale watu kabla ya kuandika FEKI walitakiwa kupiga ile namba. Kulikuwa na namba?

JiraniWaMikindani

Namba mbili, ya binti na ya imamu wa msikiti. Hakuna aliyepiga.

FundiSimu_MwembeTayari

Basi hapo ndo tofauti ya posti hizi mbili. Ya mzee ina watu wawili wanaopatikana kwa simu, wa kwao, msikiti wajulikana. Ya mtoto wa feri haina mtu. Na wenye picha moja mbovu waiacheni ilivyo, msiisafishe, ukungu wa kweli ni bora.

MkaziWaMtongwe

Jirani umenifanya niifikirie upya hii uzi. Kwa hivyo napendekeza hivi, na mnikosoe. Mtu akiwa hana uhakika asisheye ile posti, aandike yake mwenyewe, "nimepiga namba hii saa hizi, nimeongea na fulani, mzee ametoka Mikindani" na aweke picha yeye. Hiyo ni yako, hakuna wa kuigeuza nyumba nyuma yako, na mtu akipatikana waifuta mwenyewe.

Admini_WaKisauni

Naunga mkono nusu. Ukiandika yako mtu akapatikana ukasahau kuifuta, picha yake itazunguka mpaka siku ya kiyama, na sasa ziko hamsini badala ya moja. Afadhali posti moja ya familia yenye namba, wengine tusheye hiyo.

MkaziWaMtongwe

Lakini hiyo moja ndo yaweza kugeuzwa.

Admini_WaKisauni

Familia ya kweli haiigeuzi. Na akaunti ya familia ikidukuliwa je, sijui. Hapo mimi na wewe hatujakubaliana.

KijanaWaBuxton

Swali kwa bwana askari, sisi tuliosheya ile ya nyumba, na kuna mtu akalipa dipoziti kwa sababu ya jina langu, nashtakiwa?

AskariMstaafu_Changamwe

Sheria ya uhalifu wa mtandao ya mwaka 2018 yamlenga anayetoa habari ya uongo akijua ni uongo. Wewe ulikuwa hujui. Lakini sasa wajua. Ukiiacha kwa ukurasa wako baada ya leo, mtu akilipa kesho, hilo swali sitaki kukujibia, muulize wakili. Ingia uifute sasa hivi.

KijanaWaBuxton

Nishafuta. Na nimewaandikia wote wa kwangu walioisheya kutoka kwangu, wapo ambao hadi sasa wanaona mtoto kwa kumbukumbu zao na nyumba kwa ukurasa.

MkaziWaMtongwe

Shangazi naye ameshafuta, ila alinishinda kidogo, anasema "na kama kweli kuna mtoto?" Nikamuonyesha ile historia ya kuhariri, tarehe juu tarehe chini, ndo akakubali.

MamaSwabra

Jamani niko kwa grupu la Mtwapa sasa hivi. Ishaingia nyengine. Safari hii ni bibi kizee, amekaa kwa kiti cha magurudumu, "amepatikana usiku nyuma ya duka hapa Mtwapa, ameokolewa na deputi". Komenti zimefungwa, namba hakuna. Sheya ni mia na kitu, ni mapema bado. Nani anamjua admini wa kule?

Admini_WaKisauni

Namjua, nampigia sasa. Mama Swabra piga skrinshoti ya jina la akaunti na saa kabla hajaitoa, halafu unitumie.

MamaSwabra

Nishapiga. Imeingia grupuni leo saa tisa.